Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: maji ya asidi ya migodini, na bakteria wanaokula chuma ili kutoa shaba

Maji ya asidi ya migodini ni nini, na asidi hiyo inatoka wapi?

Asidi hiyo hutoka katika jiwe lenyewe. Migodi mingi huwa na pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu, ambayo kanuni yake ni FeS₂. Pairaiti ikiwa imefunikwa ardhini hukaa maelfu ya miaka bila kubadilika, kwa sababu oksijeni haiifikii. Mchimbaji anapopasua mwamba na kurundika magwangala, yaani mawe yanayotupwa, juani na mvuani, hewa na maji huingia katika kila ufa. Salfa hugeuka kuwa salfeti na asidi, na chuma huyeyuka na kuondoka na maji. Maji hayo yakitoka nje na kukutana na maji safi ya mto, chuma huganda na kuacha utando wa rangi ya machungwa juu ya mawe. Utando huo ndio watu wengi hukumbuka, ingawa madhara makubwa zaidi kwa viumbe wa mtoni husababishwa na asidi pamoja na metali zilizoyeyuka, ambazo mara nyingi hazionekani kwa macho.

Si lazima mgodi uwe wa shaba. Migodi ya dhahabu ya Witwatersrand nchini Afrika Kusini ina pairaiti nyingi ndani ya miamba yake, na maji ya asidi yalianza kufurika juu ya ardhi magharibi mwa Johannesburg mwaka 2002, baada ya mashimo yaliyoachwa kujaa.

Bakteria wanahusikaje, ikiwa hewa na maji vinatosha?

Hewa na maji vinaanzisha kazi, lakini haviwezi kuiendesha kwa kasi. Ili kuelewa sababu yake, inafaa kutofautisha hali mbili za chuma kilichoyeyuka. Chuma(II), yaani Fe²⁺, kina elektroni moja zaidi ya chuma(III), yaani Fe³⁺. Chuma(III) hunyang'anya elektroni kwa nguvu, na kikigusa pairaiti huila haraka kuliko oksijeni inavyoweza:

```
FeS2 + 14 Fe3+ + 8 H2O → 15 Fe2+ + 2 SO4(2-) + 16 H+
```

Tazama kinachobaki upande wa kulia: chuma(III) chote kimekuwa chuma(II). Kama hakuna kitu cha kukirudisha katika hali yake ya kwanza, mmenyuko unasimama. Katika maji yasiyo na asidi, oksijeni hufanya kazi hiyo kwa dakika chache. Katika maji yenye pH ya 2 au 3, oksijeni peke yake ingechukua miaka. Hapo ndipo bakteria wanapoingia: wanachukua elektroni kutoka kwa chuma(II), wanazikabidhi kwa oksijeni, na kuhifadhi nishati kidogo inayopatikana njiani. Kwa njia hiyo kasi ya hatua hiyo huongezeka takribani mara milioni moja.

Kwa hiyo bakteria hawali jiwe moja kwa moja, kama inavyosemwa mara nyingi. Wanakula elektroni za chuma, na chuma ndicho kinachokula jiwe. Msomaji akishika jambo hili moja, karibu majibu yote yanayofuata yatamwia mepesi.

Ni bakteria gani hao?

Anayejulikana zaidi ni *Acidithiobacillus ferrooxidans*, ambaye hadi mwaka 2000 aliitwa *Thiobacillus ferrooxidans*. Alitambuliwa mwaka 1947 katika maji ya asidi ya migodi ya makaa ya mawe nchini Marekani, na watafiti waliomtambua walikuwa Colmer na Hinkle. Anaweza kula chuma(II) na pia salfa. Mwenzake, *Leptospirillum ferrooxidans*, anakula chuma(II) pekee, lakini anavumilia chuma(III) kingi zaidi, na ndiyo sababu mara nyingi anatawala pale ambapo kazi imekwenda mbali. Wote wawili hujenga miili yao kwa kabonidioksidi ya hewani, kama mimea, isipokuwa kwamba nishati yao haitoki kwenye jua. Nishati wanayopata kwa kila chembe ya chuma ni ndogo mno, hivyo wanalazimika kuchakata chuma kingi sana ili wakue kidogo. Umaskini huo wa chakula ndio unaowafanya wawe wafanyakazi wazuri kwetu na waharibifu wakubwa mtoni.

Je, lundo la kutolea shaba ni kitu tofauti na lundo la magwangala linalochafua mto?

Lundo la kutolea shaba ni mawe yenye shaba yaliyopondwa, yakarundikwa na kudondoshewa maji ya asidi ili shaba iyeyuke na kutoka na maji hayo. Je, ni kitu tofauti? Kikemia hapana. Ni mmenyuko uleule, na bakteria walewale, ambao mara nyingi hawahitaji hata kupandwa kwa kuwa wamo tayari katika mawe. Tofauti ni tatu: lundo la shaba linajengwa juu ya tabaka la plastiki nzito lisilopitisha maji, maji yake yote hukusanywa na kurudishwa juu, na mwendeshaji anajua ni hewa kiasi gani inayoingia. Lundo la magwangala halina hata moja ya hayo. Ndiyo maana naona ni kosa kuyafundisha mambo haya mawili katika sura tofauti, kana kwamba moja ni la mazingira na jingine ni la viwanda.

Ni mbale gani inayofaa kwa njia hii?

Mbale, yaani jiwe lenye madini ya kutosha kuchimbwa, hutofautiana sana hata ikiwa na kiasi kilekile cha shaba. Mbale yenye asilimia 0.5 ya shaba mara nyingi haina thamani ya kutosha kulipia gharama za kusagwa hadi unga, kutenganishwa kwa povu na kuyeyushwa tanuruni. Kwa bakteria kusaga laini si lazima: hupondwa hadi vipande vya sentimita moja au mbili tu.

Lakini aina ya madini ndiyo inayoamua. Kalkosaiti, Cu₂S, huyeyuka vizuri. Nusu ya kwanza ya shaba yake hutoka haraka, kisha kasi hupungua kwa sababu kinachobaki ni madini magumu zaidi yanayofanana na kovelaiti, CuS. Kalkopairaiti, CuFeS₂, ambayo ndiyo hifadhi kubwa zaidi ya shaba duniani, ni habari nyingine kabisa. Inaanza kuyeyuka, kisha uso wake unajifunika kwa tabaka linalozuia mmenyuko, na katika halijoto ya kawaida lundo lake linaweza kutoa sehemu ndogo tu ya shaba hata baada ya miezi mingi. Joto la nyuzi 60 na zaidi husaidia, lakini hapo bakteria waliotajwa juu wanakufa, na nafasi yao inachukuliwa na viumbe wa kundi la akea wanaopenda joto.

Kwa sababu hiyo njia hii ilistawi zaidi Chile, ambako migodi mingi ina tabaka nene la kalkosaiti karibu na uso wa ardhi. Mgodi wa Lo Aguirre ulianza kuitumia mwaka 1980, na Quebrada Blanca ulifuata mwaka 1994 katika mwinuko wa takribani mita 4,400, ambako hewa ni nyepesi na usiku ni wa baridi kali. Mafanikio ya Quebrada Blanca yalionyesha kwamba bakteria wanaweza kufanya kazi huko, mradi wapewe hewa na joto lao lihifadhiwe ndani ya lundo.

Kazi inaendaje hatua kwa hatua, na kwa vipimo gani?

Tuchukue nguzo moja ya lundo: eneo la mita 1 ya mraba, kimo cha mita 6. Ikiwa kila mita ya ujazo ina tani 1.6 za jiwe lililopondwa, nguzo ina tani 9.6. Ikiwa mbale ina asilimia 0.5 ya shaba, yote ikiwa kalkosaiti, nguzo ina kilo 48 za shaba.

Kwanza mawe yaliyopondwa huzungushwa ndani ya pipa kubwa pamoja na maji na asidi ya salfuriki, ili vumbi ligande kwenye vipande vikubwa. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini vumbi lisipogandishwa litashuka na kuziba njia za maji na hewa, na hakuna dawa ya kulitibu lundo lililoziba isipokuwa kulipangua. Kisha mawe hurundikwa, na mabomba yenye matundu hulazwa chini kwa ajili ya hewa na juu kwa ajili ya maji.

Juu ya nguzo yetu tunadondosha lita 6 za maji ya asidi kwa saa, yaani lita 144 kwa siku. Tuseme maji yanayotoka chini yana gramu 2 za shaba katika kila lita. Tunapata gramu 288 za shaba kwa siku. Tukitarajia kutoa asilimia 80 ya shaba yote, yaani kilo 38 hivi, tungehitaji siku 133. Kwa kweli itachukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa maji hayabaki na gramu 2 hadi mwisho. Nusu ya pili ya kalkosaiti ni nzito kuyeyuka, kama tulivyoona.

Sasa tuangalie chuma. Kila chembe ya shaba inayotoka kwenye kalkosaiti inahitaji chembe mbili za chuma(III):

```
Cu2S + 4 Fe3+ → 2 Cu2+ + 4 Fe2+ + S
```

Kwa gramu 288 za shaba hiyo ni takribani gramu 507 za chuma(III) kila siku. Ikiwa maji yanayoingia juu yana gramu 2 za chuma(III) kwa lita, yanaleta gramu 288 tu. Kilichopungua lazima kitengenezwe ndani ya lundo lenyewe: kwa wastani kila chembe ya chuma itumike, irudishwe na bakteria, na kutumika tena kabla ya kufika chini. Hiyo ndiyo kazi tunayowalipa bakteria, na malipo yao ni oksijeni.

Kwa nini lundo lipuliziwe hewa? Je, oksijeni iliyoyeyuka katika maji haitoshi?

Haitoshi hata kidogo, na nguzo yetu inaonyesha kwa nini. Kurudisha gramu 507 za chuma(II) katika hali ya chuma(III) kunahitaji takribani gramu 73 za oksijeni kwa siku, na ikiwa salfa iliyobaki nayo itaoksidishwa kuwa asidi, hesabu inafika gramu 180 hivi. Maji hubeba takribani miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Lita 144 zinaleta gramu 1.2 tu, ambayo ni chini ya sehemu moja ya sitini ya kile kinachohitajika kwa chuma peke yake.

Hewa, kwa upande wake, ni tajiri: gramu 180 za oksijeni zimo katika theluthi mbili hivi za mita ya ujazo ya hewa. Ndiyo maana vipulizo vya shinikizo dogo vinatosha, mradi hewa ifike kila mahali. Mwendeshaji hupuliza mara kadhaa zaidi ya hesabu hii, kwa sababu pairaiti iliyomo nayo inakula oksijeni, na hewa nyingi hupita kwenye njia rahisi bila kutumika.

Hesabu hii ina upande wake wa pili. Lundo la magwangala lililojengwa kwa mawe makubwa hujipulizia hewa lenyewe. Mmenyuko hutoa joto, hewa ya moto hupanda, na hewa baridi huvutwa kutoka pembeni kama inavyokuwa katika jiko. Hapo uchafuzi unajiongezea kasi wenyewe.

Mwendeshaji anajuaje kwamba bakteria wanafanya kazi?

Kipimo cha haraka ni potenshali ya redoksi, inayopimwa kwa elektrodi ya platini katika maji yanayotoka chini. Potenshali hufuata uwiano wa chuma(III) kwa chuma(II). Katika maji ya salfeti, viwango viwili vikilingana, usomaji huwa karibu na milivolti 680 kwa kipimo cha elektrodi ya hidrojeni, na kila uwiano unapoongezeka mara kumi usomaji hupanda kwa milivolti 59 hivi. Elektrodi nyingi za kazini ni za fedha na kloridi ya fedha, na hizo husoma takribani milivolti 200 chini yake. Nimeona ripoti mbili zikilinganishwa bila mtu kuuliza kila moja ilitumia elektrodi gani, na mjadala mrefu ukafanyika juu ya tofauti ambayo haikuwepo.

Potenshali ikiwa chini wakati shaba inatoka kwa wingi, si lazima iwe ishara mbaya, maana kalkosaiti mpya hutumia chuma(III) kwa kasi kuliko bakteria wanavyokitengeneza. Ishara mbaya ni potenshali kubaki chini huku shaba nayo ikipungua. Hapo mtu hupima oksijeni ya hewa iliyomo ndani ya lundo. Ikiwa iko karibu na sifuri, tatizo ni hewa. Ikiwa oksijeni ni nyingi na bado chuma(II) hakibadiliki, basi bakteria wenyewe wameathirika.

Ni nini kinachowaathiri?

Nitataja matatu yanayotokea zaidi. La kwanza ni chumvi: kloridi na nitreti zikizidi katika maji yanayozungushwa huwalemaza bakteria hawa, na kwa kuwa maji hayo hurudi tena na tena, chumvi hujilimbikiza. La pili ni baridi. *Acidithiobacillus ferrooxidans* hupenda nyuzi 30 hivi, na chini ya nyuzi 10 kazi yake hupungua mno.

La tatu ni asidi kutoweka. Bakteria hawa wanataka pH kati ya 1.5 na 2.5. Ikiwa mbale ina asilimia 1 tu ya mawe ya chokaa, kila tani ina kilo 10 za chokaa hiyo, nazo hula karibu kilo 10 za asidi ya salfuriki, yaani mara mbili ya uzito wa shaba yote iliyomo katika tani hiyo. pH ikipanda, chuma(III) hakibaki tena ndani ya maji. Huganda kama jarosaiti, madini ya njano yanayoziba matundu na kufunika uso wa madini ya shaba. Lundo linapoteza asidi, chuma na njia za maji kwa wakati mmoja. Kwa hiyo jaribio la kwanza kwa mbale yoyote mpya ni kupima inakula asidi kiasi gani, hata kabla ya kuuliza ina bakteria gani.

Shaba inatolewaje ndani ya maji?

Maji ya shaba huchanganywa na mafuta ya taa yenye kemikali za jamii ya oksimu, ambazo hushika shaba na kuacha chuma. Shaba kisha hupelekwa katika asidi kali zaidi, na umeme hupitishwa hadi igande kama bamba safi kwa kiwango cha asilimia 99.99. Kila chembe ya shaba inayochukuliwa na oksimu huacha asidi nyuma, hivyo maji yanayorudi juu ya lundo huwa yamepata sehemu ya asidi yake. Tahadhari ni moja: matone ya mafuta yakirudi pamoja na maji hayo, huwadhuru bakteria.

Je, maji ya asidi ya mgodi ulioachwa yanaweza kutolewa shaba?

Yanaweza, na ni kazi ya kale. Katika China ya enzi ya Song, maji ya shaba yalipitishwa juu ya vipande vya chuma: chuma huyeyuka, na shaba huganda mahali pake. Hata hivyo maji yanabaki na asidi na yana chuma kingi kuliko awali, hivyo bado lazima yatiwe chokaa. Kutoa shaba kunaweza kupunguza gharama ya kusafisha, lakini hakuchukui nafasi ya kusafisha.

Lundo likimaliza kazi, bakteria hufa?

Hapana. Pampu zikizimwa, mvua inaendelea kunyesha. Ikiwa pairaiti imebaki, na kwa kawaida hubaki kwa kuwa kalkosaiti huyeyuka kabla yake, lundo lililokuwa kiwanda linakuwa magwangala ya kawaida. Kusuuza hupunguza asidi iliyomo, ila hakuondoi chanzo. Kinachofaa zaidi ni kuzuia oksijeni. Oksijeni hupenya katika maji yaliyotulia kwa kasi iliyo chini takribani mara 10,000 kuliko katika hewa, na ndiyo sababu mabaki yenye pairaiti, yakiwa bado mapya, huzamishwa chini ya maji pale ambapo ardhi inaruhusu. Mabaki yaliyokwisha kuoksidika hayafai kuzamishwa hivyohivyo, kwa sababu chumvi zake za asidi zitayeyuka mara moja, na chuma(III) kilichomo kitaendelea kula pairaiti bila kuhitaji hewa.

Katika mgodi wa Richmond wa Iron Mountain, California, uliofungwa miaka mingi iliyopita, watafiti walipima maji yenye pH ya −3.6, yaani asidi kali kuliko ile ambayo mwendeshaji yeyote wa lundo angeitumia. Huko chini hewa inaingia, joto linabaki ndani, na maji yanayopita ni machache.

Mtu anaweza kugundua mapema kwamba magwangala yataanza kutoa asidi?

Ndiyo, lakini si kwa kusubiri pH ishuke. Mawe mengi yana chokaa kidogo ambayo hunyonya asidi ya mwanzo, hivyo pH inaweza kukaa karibu na 7 kwa miaka huku pairaiti ikiendelea kuoza. Salfeti haifichwi na chokaa kwa kiwango hicho. Kwa hiyo salfeti inayopanda mwezi hadi mwezi katika maji ambayo pH yake bado ni nzuri ndiyo dalili ya kuangalia. Kwenye maabara, hesabu ya msingi ni kwamba kila asilimia 1 ya salfa iliyo katika pairaiti inahitaji kilo 31.25 za mawe ya chokaa katika kila tani ili asidi yake imalizwe. Jiwe lenye asilimia 2 ya salfa na kilo 20 za chokaa lina upungufu wa zaidi ya kilo 42 kwa tani. Jiwe kama hilo linapaswa kutengwa siku linapochimbwa, kwa sababu likishachanganywa na mengine hakuna atakayeweza kulitafuta.